Kwa nini dhahabu hupanda vita vinapoanza, kisha hushuka vita vikiendelea

Swali: Mtaalamu, mwanzoni mwa Machi 2022, siku chache baada ya Urusi kuivamia Ukraini, nilinunua sarafu za dhahabu bei ikiwa juu ya dola 2,000 kwa aunsi, kwa sababu kila mtu aliniambia kwamba vita huipandisha. Vita havikuisha, tena vilizidi, lakini kufikia Oktoba bei ilikuwa karibu dola 1,650 nami nikauza kwa hasara. Kama vita ndivyo vilivyoipandisha, kwa nini ilishuka mapigano yakiwa bado yanaendelea? Na safari nyingine nitajuaje kama kupanda kwake kutadumu?

Jibu: Ndugu msomaji, bei ya dhahabu haipimi ukubwa wa vita. Hupima tofauti iliyopo kati ya yale ambayo wenye fedha waliyatarajia jana na yale wanayoyatarajia leo, na ndiyo maana mapigano yanaweza kuendelea kwa ukali uleule, au hata kuongezeka, bila kuisogeza bei juu, kwa kuwa ukali huo umekwisha kuhesabiwa. Kuna na jambo la pili, ambalo katika mwaka huo wa 2022 lilikuwa zito zaidi: nguvu zinazoiendesha bei katika majuma mawili ya kwanza ya taharuki si zile zinazoiendesha katika miezi inayofuata. Ulinunua wakati nguvu ya kwanza ilipokuwa imefika kileleni, ukauza wakati nguvu ya pili ilipokuwa imekamilisha sehemu kubwa ya kazi yake. Nitaufuata mwenendo wa mwaka huo hatua kwa hatua, kwa sababu karibu kila kitu kinachofaa kujulikana juu ya suala hili kilitokea ndani ya miezi tisa hiyo.

Mwishoni mwa Januari 2022 aunsi moja, yaani takriban gramu 31.1, iliuzwa karibu dola 1,800. Majeshi ya Urusi yalikuwa yamekusanyika mpakani, na Serikali ya Marekani ilikuwa ikitangaza waziwazi, juma baada ya juma, kwamba uvamizi unakuja. Bei ilipanda polepole mwezi mzima wa Februari, hata jioni ya tarehe 23, kabla bomu la kwanza halijaanguka, ilikuwa imekwisha kupita dola 1,900. Alfajiri ya tarehe 24 uvamizi ulipoanza iliruka hadi karibu dola 1,970, kisha ndani ya siku hiyohiyo ikarudi karibu na 1,900, na tarehe 25 ilifunga chini ya kiwango ilichokuwa nacho usiku wa kuamkia vita. Watu wengi wamesahau jambo hili, na mimi nalihesabu kuwa somo lenye thamani kuliko yote katika mkasa mzima: siku mbili za kwanza za vita vikubwa kuliko vyote barani Ulaya tangu mwaka 1945 ziliiacha dhahabu chini ya pale zilipoikuta.

Sababu yake inajulikana. Mchana wa tarehe 24 Rais Biden alitangaza vikwazo ambavyo havikugusa mauzo ya mafuta na gesi ya Urusi wala havikuzitoa benki za nchi hiyo katika mtandao wa SWIFT unaopitisha maagizo ya malipo kati ya benki za dunia. Wafanyabiashara walikuwa wamejiandaa kwa mabaya zaidi ya hayo. Taarifa ilikuwa ya vita, lakini ikilinganishwa na hofu iliyokwisha kulipiwa, ilikuwa nafuu, na waliokuwa wamenunua kwa ajili ya hofu hiyo waliuza.

Hapa inafaa kueleza ni nani hununua katika saa hizo za kwanza, kwa sababu hao ndio wanaoamua bei itapanda kwa kasi gani na itashuka kwa kasi gani. Dhahabu iliyokwisha kuchimbwa na iliyo juu ya ardhi inazidi tani 200,000, na migodi yote ya dunia huongeza takriban tani 3,500 kwa mwaka. Vita vya juma moja havipunguzi akiba hiyo wala haviongezi mahitaji halisi ya chuma hicho kwa kiwango cha maana. Kinachobadilika ni mikataba. Katika soko la Comex la New York mkataba mmoja wa kununua dhahabu kwa tarehe ya mbele unabeba aunsi 100, ambazo kwa bei ya wakati ule zilikuwa na thamani ya takriban dola 190,000, lakini mnunuzi hatakiwi kuweka fedha zote hizo. Huweka amana ya dhamana ambayo mwaka huo ilikuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya thamani hiyo. Mtu mwenye dola 10,000 anaweza basi kusogeza dhahabu ambayo hangeweza kamwe kuinunua kwa fedha taslimu, na taarifa ya makombora inapoingia usiku, saa ambazo wauzaji sokoni ni wachache, maelfu ya maagizo ya aina hiyo hugombania ofa chache zilizopo.

Kwenye msukumo huo huongezeka watu ambao hawakutaka kununua kabisa. Hao ni wale waliokuwa wameuza mikataba wakitarajia bei ishuke. Bei inapopanda na kupita kiwango walichokiweka kuwa ukomo wa hasara yao, kompyuta zao hununua papo hapo ili kuwafungia hasara, na ununuzi huo huisukuma bei hadi kwenye kiwango cha ukomo cha mwingine, naye akanunua. Mruko wa dola 50 au 60 ndani ya saa chache kwa kawaida huwa na sehemu kubwa ya ununuzi wa lazima kama huo. Msukumo huo una mwisho wake: mara wote waliolazimika kununua wanapokwisha kununua, hakuna tena anayeisukuma bei kutoka nyuma, nao walionunua kwa amana ndogo hawana uwezo wala nia ya kukaa na mikataba hiyo kwa miezi.

Turudi kwenye tarehe zetu. Wimbi la pili, lile lililokukuta wewe, lilianza mwishoni mwa juma la tarehe 26 Februari, na lilikuwa na msingi mzito zaidi kuliko la kwanza. Marekani, Umoja wa Ulaya na washirika wao waliamua kuzuia akiba za Benki Kuu ya Urusi zilizowekwa katika nchi zao, takriban dola bilioni 300, na kuziondoa baadhi ya benki za Urusi katika SWIFT. Hilo halikuwa limetarajiwa, na bei ikaanza kuhesabu upya. Tarehe 7 Machi mafuta ghafi ya Brent yaligusa dola 139 kwa pipa. Tarehe 8 Marekani ilipiga marufuku mafuta ya Urusi, na siku hiyohiyo soko la metali la London lililazimika kusimamisha biashara ya nikeli baada ya bei yake kupita dola 100,000 kwa tani. Dhahabu ilifika karibu dola 2,070, hatua moja tu chini ya rekodi iliyowekwa Agosti 2020.

Siku iliyofuata ilipoteza takriban asilimia 3. Hakuna mkataba wa amani uliokuwa umetiwa saini. Kilichotokea ni kwamba Umoja wa Falme za Kiarabu ulidokeza kuwa ungependa wazalishaji waongeze mafuta, Brent ikaanguka kwa zaidi ya asilimia 10, na wenye mikataba wakaona kwamba tarehe 8 huenda ndiyo iliyokuwa siku ya hofu kubwa kuliko zote. Kufikia katikati ya Machi dhahabu ilikuwa imerudi karibu na dola 1,900. Wimbi lililopanda kwa siku kumi lilishuka kwa siku zisizozidi nane.

Kama mambo yangeishia hapo, ungepata hasara ndogo na pengine ungesubiri. Hasara yako kubwa ilitoka kwingine. Tarehe 16 Machi Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kwa mara ya kwanza tangu 2018, robo ya asilimia tu, lakini haikusimama hapo. Mwezi Mei iliongeza nusu, kisha Juni, Julai, Septemba na Novemba ikaongeza robo tatu kila mara, na Desemba ikaongeza nusu nyingine, hata riba iliyokuwa karibu na sifuri ikamaliza mwaka kati ya asilimia 4.25 na 4.5.

Dhahabu hailipi riba. Mwenye sarafu kumi zenye thamani ya dola 20,000 hapati chochote kwa mwaka mzima isipokuwa bei ikipanda, na kwa hiyo gharama ya kweli ya kuishika ni ile faida ambayo fedha hizo zingeleta kwingine bila hatari. Mwanzoni mwa Machi 2022 dhamana za Serikali ya Marekani za miezi mitatu zililipa chini ya nusu asilimia kwa mwaka, yaani chini ya dola 100 kwa kila dola 20,000. Mwezi Novemba dhamana hizohizo zililipa zaidi ya asilimia 4, yaani zaidi ya dola 800. Kwa mtu mmoja mwenye sarafu kumi tofauti hiyo inavumilika, lakini kwa mfuko wa uwekezaji wenye dhahabu ya mabilioni ya dola, wenye kamati inayouliza kila robo mwaka kwa nini fedha za wateja zimelala bila kuzaa, haivumiliki kwa muda mrefu.

Wanaofuatilia dhahabu kwa kazi huangalia zaidi riba halisi, ambayo ni riba baada ya kuondoa mfumuko wa bei unaotarajiwa. Kipimo kinachotumika sana ni faida ya hatifungani za Marekani za miaka kumi ambazo mtaji wake hurekebishwa kufuata mfumuko wa bei. Mwanzoni mwa Machi 2022 faida hiyo ilikuwa karibu asilimia 1 chini ya sifuri, kwa maana kwamba mtu aliyeikopesha Marekani kwa miaka kumi alikuwa na hakika ya kupoteza uwezo wake wa kununua, na kwa mtu huyo dhahabu isiyolipa chochote ilikuwa afadhali. Kufikia Oktoba faida hiyo ilikuwa imepanda hadi takriban asilimia 1.5 juu ya sifuri. Sasa kulikuwa na mahali salama palipolipa, na sababu kuu ya kushika dhahabu kwa wale walioinunua kwa hesabu hiyo ikaondoka.

Naomba uzingatie pia kwamba vita vyenyewe vilichangia kuileta riba hiyo, kwa kuwa hapa ndipo wanunuzi wengi wa dhahabu hupotea. Urusi na Ukraini ni wauzaji wakubwa wa nishati, ngano, mbolea na mafuta ya alizeti. Uvamizi uliongeza moto juu ya mfumuko wa bei uliokuwepo tayari, na nchini Marekani mfumuko huo ulitoka asilimia 7.9 mwezi Februari ukafika 9.1 mwezi Juni. Watu walisema kwamba mfumuko wa bei ni neema kwa dhahabu, na katika mazingira ambamo benki kuu inautazama tu bila kuchukua hatua, kauli hiyo ina ukweli. Lakini benki kuu inapoamua kuuzima kwa riba, mfumuko uleule hugeuka kuwa mzigo kwa dhahabu, kwa sababu kila takwimu mbaya inayotoka humfanya kila mtu akadirie riba kubwa zaidi mwezi ujao. Mshtuko wa vita unaopitia kwenye mafuta una pande mbili basi: kwa siku kumi huinua dhahabu kwa njia ya hofu, na kwa miezi minane huishusha kwa njia ya riba.

Dola nayo ilikuwa kimbilio lililoshindana na dhahabu. Vita vilikuwa Ulaya, upungufu wa gesi ulikuwa Ulaya, na riba ilipanda kwanza na kwa kasi zaidi Marekani, kwa hiyo fedha zilikimbilia dola. Kwa kuwa dhahabu hutajwa kwa dola, kila dola inapopata nguvu bei inayoonekana kwenye kioo hushuka hata kama hakuna kilichobadilika kuhusu dhahabu yenyewe. Fanya hesabu hii ndogo. Mwishoni mwa Januari 2022 euro moja ilikuwa takriban dola 1.12, kwa hiyo aunsi ya dola 1,800 ilimgharimu Mzungu karibu euro 1,600. Mwishoni mwa Septemba euro ilikuwa imeanguka hadi takriban dola 0.96, kwa hiyo aunsi iliyoonekana kuporomoka hadi karibu dola 1,630 ilikuwa bado na thamani ya karibu euro 1,700. Aliyehesabu mali yake kwa euro na aliyenunua kabla ya vita alikuwa bado mbele, ilhali aliyehesabu kwa dola aliona faida yote imeyeyuka na hasara juu yake. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita kufifia kwa faida ya vita ilikuwa kupanda kwa dola.

Hayo yote yanaonekana pia katika mienendo ya mifuko ya dhahabu inayouzwa kwenye masoko ya hisa, ambayo huhifadhi vipande halisi vya dhahabu kwa niaba ya wenye hisa. Katika robo ya kwanza ya 2022 mifuko hiyo kwa ujumla iliongeza takriban tani 270. Kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa imepoteza kiasi hicho chote na tani nyingine zipatazo 110 juu yake. Mikono ileile iliyoipandisha bei ndiyo iliyoishusha, na hivi ndivyo inavyokuwa karibu kila mara.

Mwaka 2022 ni mkasa mrefu, lakini iko mingine mifupi ambamo jambo hilo linaonekana kwa siku chache tu. Tarehe 3 Januari 2020 Marekani ilimuua jenerali wa Iran, Qasem Soleimani, mjini Baghdad. Dhahabu ilikuwa karibu dola 1,530 na ikaanza kupanda. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Iran ilirusha makombora kwenye kambi ya Ain al-Asad nchini Iraki, na katika saa za masoko ya Asia dhahabu ilivuka dola 1,600 hadi karibu 1,610, kiwango cha juu kuliko vyote katika muda wa karibu miaka saba. Asubuhi, kwa saa za Washington, Rais Trump alihutubia taifa akasema kwamba hakuna Mmarekani aliyeuawa na kwamba Iran inaonekana kurudi nyuma. Kabla siku haijaisha dhahabu ilikuwa chini ya dola 1,560. Aliyenunua aliposikia makombora alipoteza zaidi ya asilimia 3 kabla ya jioni.

Vita vya Ghuba vinaonyesha kitu tofauti kidogo. Iraki ilipoivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, dhahabu ilipanda kutoka karibu dola 370 hadi juu ya 410 ndani ya mwezi huo, kisha ikapandapanda na kushuka kwa miezi mitano huku dunia ikingoja. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Januari 1991 mashambulizi ya angani yalipoanza, wengi walitarajia ipae. Mafuta yalianguka kwa takriban theluthi moja kwa siku moja, na dhahabu iliyokuwa karibu na dola 400 ikapoteza zaidi ya dola 20. Hofu ya miezi mitano ilikuwa hofu ya kutojua: visima vya Saudi Arabia vitachomwa au la, vita vitachukua miaka au majuma. Saa chache za mashambulizi zilitosha kuonyesha nani ana nguvu, na kutojua huko kulipoondoka, malipo ya kutojua yaliondoka nako. Ndiyo maana mwanzo wa mapigano, unapotangulizwa na miezi ya maonyo, huwa mara nyingi ni siku ya kuuza kuliko ya kununua.

Sasa nije kwenye sehemu ya swali lako inayohusu kudumu. Nikuambie kwamba katika 2022 kulikuwa na kitu kilichodumu, nacho ni kile kizuizi cha akiba za Benki Kuu ya Urusi. Kwa benki kuu za nchi nyingi kilikuwa ushahidi kwamba fedha zilizowekwa kwenye hatifungani za nchi nyingine zinaweza kufungwa kwa uamuzi wa siku moja, ilhali dhahabu iliyo katika ghala la nyumbani haiwezi. Benki hizo hazikukimbilia sokoni tarehe 8 Machi. Zilinunua kwa utulivu baadaye, na katika robo ya tatu ya 2022, wakati mifuko ilipokuwa ikiuza na bei ikielekea dola 1,620, zilinunua takriban tani 400. Kwa mwaka mzima zilinunua zaidi ya tani 1,000, na zikafanya hivyo tena mwaka 2023 na 2024. Ndiyo sababu mojawapo iliyoifanya bei, kuanzia 2023, ipande hata riba halisi ilipobaki juu, jambo ambalo kanuni ya zamani isingelitabiri, hadi ikavuka dola 4,000 mwezi Oktoba 2025.

Kwa hiyo tofauti ninayoitafuta mimi kila taharuki inapotokea ni hii: je, tukio hili limebadilisha namna serikali na benki kuu zinavyoweka akiba zao, au limewatisha tu watu wenye mikataba ya siku chache? Shambulio la makombora, hata likiwa la kutisha, kwa kawaida liko katika kundi la pili. Sheria au uamuzi unaogusa usalama wa akiba za mataifa uko katika kundi la kwanza. Na hata likiwa la kundi la kwanza, mnunuzi wa kawaida hana haja ya kukimbia, kwa sababu nguvu hiyo hufanya kazi kwa miaka, na katika mkasa wetu iliacha nafasi ya miezi mingi ya kununua kwa bei ya chini kuliko ile ya siku ya taharuki.

Ukitaka vitu vya kukagua, mimi huanza na bei ya mwezi mmoja kabla ya tukio. Ikiwa dhahabu imekwisha kupanda asilimia 5 au zaidi kwa maonyo pekee, najua kwamba sehemu kubwa ya habari imekwisha kulipiwa. Kisha naangalia riba halisi, ambayo Benki Kuu ya Marekani tawi la St. Louis huichapisha bure kila siku ya kazi kwa jina la DFII10. Dhahabu ikipanda siku ambayo riba hiyo inashuka, kuna nguvu mbili zinazoinua, na faida ina nafasi ya kubaki. Ikipanda huku riba hiyo na dola zikipanda nazo, hofu ndiyo pekee inayoishikilia, na hofu huchoka. Tatu ni mafuta. Tahadhari yangu huongezeka pale mafuta yanapoanza kuanguka kwa kasi na dhahabu ikabaki juu, kwa sababu soko la mafuta lina watu wanaofuatilia meli na mabomba kwa karibu kuliko sisi, nao mara nyingi hutambua mapema kwamba hatari imepungua.

Kuna pia ripoti ya kila Ijumaa ya tume ya Marekani inayosimamia masoko ya mikataba, CFTC, inayoonyesha ni mikataba mingapi ilikuwa mikononi mwa mifuko ya wabahatishaji kufikia Jumanne iliyotangulia. Ikiwa idadi hiyo imevimba ghafla, wauzaji wa juma lijalo wanajulikana tayari. Kasoro yake ni kwamba inachelewa siku tatu, na katika taharuki siku tatu ni muda mrefu sana. Wala hakuna kati ya vipimo hivi kinachotoa tarehe. Vinaeleza tu uzito uko upande gani, na taarifa moja isiyotarajiwa, kama ile ya tarehe 26 Februari, inaweza kuvipindua vyote mwishoni mwa juma masoko yakiwa yamefungwa.

La mwisho linahusu sarafu zenyewe, na nadhani lilichangia hasara yako kuliko ulivyolitambua. Muuzaji wa sarafu hauzi kwa bei inayoonekana kwenye kioo. Huongeza malipo yake juu, na anaponunua kwako hupunguza. Katika siku tulivu nyongeza kwenye sarafu ya aunsi moja inaweza kuwa asilimia chache tu, lakini katika siku za taharuki wateja hupanga foleni, akiba ya sarafu hupungua na nyongeza hupanuka, kisha hurudi chini utulivu unaporejea. Kwa hiyo aliyenunua sarafu katika juma lile la Machi alilipa hofu mara mbili, mara ya kwanza katika bei ya dhahabu na mara ya pili katika nyongeza ya muuzaji, na zote mbili zilikuwa zimeshuka alipokwenda kuuza. Kabla ya kununua tena, muulize muuzaji bei mbili kwa wakati mmoja, ya kukuuzia na ya kununua kwako sarafu ileile, ugawanye tofauti yake kwa ile bei yake ya kununua kwako. Ikiwa jibu linazidi asilimia 6 au 7, dhahabu italazimika kupanda kwa kiasi hicho kabla hujapata hata dola moja, na miruko mingi ya vita haifiki huko, au hufika na kurudi kabla mteja hajapata muda wa kuitoa sarafu ndani ya kasha.